Deko, degedege au kitu kingine? Kisirani cha mtoto wa miaka miwili na lini umpeleke akapimwe

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 8. Kila siku anajitupa chini mara tatu au nne, analia na kugonga kichwa sakafuni. Juzi alilia mpaka midomo ikawa ya bluu, akalegea kama kazimia, halafu akarudi mwenyewe. Mama mkwe anasema ni deko tu, jirani anasema degedege. Maneno yake bado machache ila wote wananiambia wanaume huchelewa kuongea. Nitajuaje kama ni umri au nimpeleke hospitali?" (Mama, Tabata)*

Mama, hayo ni mambo matatu, na ukiyaweka kwenye kapu moja la "tabia" utakosa jibu. Kisirani chenyewe, kwa umri wake, huenda ni cha kawaida. Kuishiwa pumzi kunatisha kuliko kulivyo, ila kunataka kipimo cha damu. Maneno machache, ambayo umeyataja mwishoni kama kitu kidogo, ndiyo yanayotufanya tukuambie umpeleke akapimwe hata kama kisirani kingeisha kesho.

Tuanze na pumzi. Mtoto anayebana pumzi huanza na sababu inayoonekana: kanyang'anywa simu, kaanguka, kakatazwa kitu. Analia kwa nguvu mara moja au mbili, anatoa hewa yote, kisha sauti inakatika mdomo ukiwa wazi. Midomo inabadilika rangi, mwili unalegea au unakakamaa, na wengine hutikisika kidogo. Kwa ngozi zetu usitazame mashavu. Tazama midomo, ulimi na fizi. Kwa kawaida ndani ya dakika moja anavuta pumzi mwenyewe na rangi inarudi. Hafanyi kusudi wala hawezi kujizuia, kwa hiyo kumchapa "aache mchezo huo" hakuna maana. Watoto wengi wa aina hii huwa wameacha kabla ya kufikisha miaka 6.

Tofauti na degedege iko kwenye mpangilio wa matukio, ndiyo maana tunamuuliza mzazi nini kilitangulia kabla hata ya kuuliza kilichukua muda gani. Katika kubana pumzi, kilio kinatangulia, bluu inafuata, kulegea kunakuja mwisho. Katika degedege la homa mwili una moto, hakuna ugomvi uliotangulia, na mtoto anakakamaa na kutikisika kwanza, macho yakipinduka. Bluu ikija, inakuja baadaye. Akimaliza, wa degedege hulala au huwa kama hajielewi kwa muda, wakati huyu wa pumzi mara nyingi baada ya dakika chache anaendelea kudai kile kile alichokatazwa. Degedege lenye homa si la kusubiri asubuhi: ni kwenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, akapimwe malaria na magonjwa mengine, kabla ya kwenda kwa mtu yeyote mwingine. Likipita dakika 5 bila kukata, ni dharura.

Akibana pumzi tena, mlaze ubavu mahali salama na uhesabu sekunde. Kama alikuwa na chakula mdomoni na unakiona, kitoe. Usimtikise, usimmwagie maji usoni, usimnusishe kitunguu wala mafuta ya taa, usimtie kijiko katikati ya meno. Akizinduka, mtulize kama kawaida, lakini kile alichokuwa anakililia usimpe kwa sababu tu amezimia.

Kipimo cha damu kina sababu yake. Upungufu wa madini ya chuma huongeza vipindi hivi, na ukitibiwa, vipindi hupungua kwa watoto wengi. Kwa umri wa mwanao, wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Kipimo hiki ni cha kawaida kabisa, kinafanyika hata vituo vya afya vya mtaani. Wakati unasubiri, angalia anachokunywa. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, na maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku humjaza tumbo bila kumpa chuma. Dagaa, maini na maharage, akifuatisha na chungwa au embe, vitamsaidia zaidi ya glasi ya tatu ya maziwa. Dawa ya maji ya chuma hupimwa kwa uzito wa mtoto. Usinunue ya kukisia duka la dawa, na ukishapewa iweke juu asipofikia, kwa sababu chuma kikizidi ni sumu kali kwa mtoto mdogo.

Mpeleke haraka, bila kusubiri kliniki ya kawaida, kama kipindi kimepita dakika moja, kama kimetokea bila kilio wala sababu, au kama alipauka badala ya kuwa wa bluu, hasa akiwa anakimbia au baada ya kushtuka. Huyo wa kupauka, na yule ambaye kwenye ukoo kuna mtu aliyeanguka na kufa ghafla akiwa kijana, apimwe umeme wa moyo.

Sasa kisirani. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, mtoto anataka mengi kuliko anavyoweza kusema, na uwezo wa kuzuia hasira bado mchanga. Kujitupa chini kila siku katika umri huu hakutoshi kuwa ugonjwa. Ukubwa wa kelele nao hautuambii kitu. Tunachotazama ni muda, kinachoumizwa, na namna kinavyoisha.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha visirani vya watoto 279 wa miaka 3 hadi 6, wenye afya na wenye matatizo ya hisia au tabia. Ulitoa alama tano ambazo bado tunazitumia. Kwanza, katika zaidi ya nusu ya visirani mtoto anashambulia mtu au kuharibu vitu. Pili, anajiumiza kwa makusudi. Tatu, visirani vinatokea siku 10 hadi 20 ndani ya mwezi mmoja, au zaidi ya mara 5 kwa siku katika siku kadhaa. Nne, kwa wastani vinachukua zaidi ya dakika 25. Tano, hawezi kutulia mwenyewe mpaka mtu mzima aingilie. Wa kwako bado hajafika miaka 3, kwa hiyo ile alama ya idadi isikutie hofu peke yake: wa miaka miwili anapita kiwango hicho kirahisi. Lakini muda na kujiumiza vina uzito katika umri wowote. Kisirani cha kawaida mara nyingi hakifiki hata dakika 5, na kina sura ya kupanda na kushuka: hasira inakuja juu mapema, kelele na mateke, kisha inageuka kilio cha huzuni na mtoto anataka kubebwa.

Kugonga kichwa kunasomwa hivyo hivyo. Wa kawaida hugonga akiwa na hasira, mara nyingi akikuchungulia kama unaona, na ukimtazama vizuri utakuta anapunguza nguvu akigusa saruji. Ukihamia jikoni, anakufuata jikoni ajitupe huko. Tunapata wasiwasi kama anaacha uvimbe au michubuko mara kwa mara, kama anajing'ata mpaka alama, au kama anagonga akiwa ametulia, peke yake, bila hasira na bila kujali nani yupo.

Usijibu maswali haya kwa kumbukumbu, kwa sababu kisirani kimoja cha ndani ya daladala kinafuta kumi vya nyumbani. Chukua daftari, siku 14, na kama kuna dada wa kazi au bibi anayeshinda naye, naye aandike au akusimulie jioni ile ile. Andika saa, kilichotangulia, dakika kwa saa ya simu, alichofanya, kilivyoisha, na alivyokuwa nusu saa baadaye. Tazama kurasa mbili za mfano.

"Jumanne, saa 12:10 jioni. Nimezima katuni. Kajitupa, kapiga meza teke. Dakika 4. Kaja kubebwa. Saa 12:40 anasukuma gari la kopo."

"Alhamisi, saa 3 asubuhi. Sijui sababu. Dada kamwambia alete viatu, kapiga kelele, kajing'ata mkono. Dakika 20. Hakutaka kushikwa. Baadaye kona ya chumba peke yake."

Ule wa Jumanne hautupi shida. Sababu inaonekana, dakika chache, anakuja kwa mama, mchezo unaendelea. Kama daftari lako limejaa vya namna hiyo kati ya saa 11 na saa 1 jioni, tafuta sababu kwenye njaa na usingizi. Mtoto wa miaka 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima ukijumlisha wa mchana, na nyumba nyingi za Dar, kwa joto na televisheni ya sebuleni, hazimpi. Sogeza chakula cha jioni mapema na ulinde usingizi wa mchana kwa wiki moja uone idadi inavyobadilika. Na simu: kama siku tatu mnamnyima na siku ya nne mama mkwe anampa ili anyamaze, mmemfundisha kwamba kulia zaidi kunalipa. Bora mpatane nyumba nzima, hata kama mtakubaliana kumpa kidogo, kuliko kila mtu na sheria yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri isizidi saa 1 kwa siku kwa umri wake.

Ule wa Alhamisi ndio wa kusimama nao. Dakika 20 ni nyingi, kajing'ata, na hakutafuta mtu. Kubwa zaidi ni lile "sijui sababu", kwa sababu sababu ipo: kaambiwa kitu kwa maneno. Je, alisikia? Alielewa? Kesho yake, mkiwa wote mmetulia, mwambie alete viatu bila kunyoosha kidole wala kutazama vilipo. Baadaye mwambie tena ukivionyesha kwa mkono. Kama anafanya ukionyesha na hafanyi ukisema tu, na ikijirudia kwa vitu vingine vitatu vinne anavyovijua, basi hapo hatuzungumzii ukaidi tena.

Hilo linatuleta kwenye maneno. Kaa na watu wa nyumbani mwandike kila neno analosema mwenyewe bila kuigiza mtu. Hesabu maneno ya lugha zote, kama bibi anaongea naye kikabila na shuleni wanampa Kiingereza. Yale ya kitoto yanahesabiwa pia, mradi anayatumia kwa maana ile ile kila siku: "mamu" kwa maji ni neno. Mtoto wa miaka 2 kamili tunategemea awe na maneno yapatayo 50 na aanze kuunga mawili: "maji ingine", "baba kaenda", "mama njoo". Ni kweli wavulana kwa wastani huchelewa kidogo nyuma ya wasichana, lakini ni kidogo tu, na tofauti hiyo haielezi kwa nini wa miaka 2 na miezi 8 haungi maneno mawili. Kuwa na lugha mbili nyumbani nako hakuelezi. Na akitokea mtu wa kukushauri akakatwe kilimi ili aongee, kataa: kile kinyama cha kooni hakizuii mtoto kuongea, na kukikata kunaweza kumletea kutokwa damu nyingi na maambukizi.

Mtoto mwenye maneno machache ana visirani vingi kwa sababu iliyo wazi kabisa, na ndiyo maana tunapima masikio kabla ya kupima tabia. Wazazi wengi hutuambia "anasikia, mlango ukipigwa anageuka". Kugeukia mlango hakutoshi. Mtoto anaweza kusikia sauti nzito na kubwa huku sauti nyembamba kama s, f na sh zikimpita, na maneno yakamfikia yamekatikakatika. Jaribio la nyumbani: zima televisheni, simama mita moja nyuma yake akiwa anacheza, mnong'oneze jina lake au "biskuti", jaribu upande wa kulia na wa kushoto. Asipogeuka mara kadhaa, una sababu ya kuharakisha. Akigeuka, bado anapimwa, maana jaribio hili halioni upungufu mdogo. Eleza pia kama alizaliwa njiti, kama alipata manjano makali ya kulazwa, homa ya uti wa mgongo, au usaha wa masikio unaorudi.

Masikio yakiwa sawa, swali linalofuata ni usonji, yaani hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na watu, na hapa usitazame kisirani bali saa zile ambazo hana kisirani. Ndege ikipita juu ya Tabata kuelekea uwanjani, je, anainyooshea kidole kisha anakugeukia wewe kuona kama nawe umeiona? Kunyoosha kidole ili apewe kitu ni jambo moja. Kunyoosha ili mtazame pamoja ni jambo jingine, na ni hili la pili tunalolitafuta. Ukimwita jina anakutazama usoni? Analisha mwanasesere, anaongea na kopo kama simu, au anapanga vifuniko mstari mmoja na kulia ukisogeza kimoja? Visirani vyake vinakuja kwa sababu mmepita barabara nyingine, au kwa mlio wa blenda? Jibu moja la wasiwasi halimfanyi mtoto kuwa na usonji. Kadhaa kwa pamoja yanatosha kudai tathmini. Na kama alikuwa na maneno kisha akayapoteza, kwa umri wowote ule, hilo peke yake linatosha. Usimalize hata zile siku 14.

Kuna hali nyingine moja ya kutosubiri daftari: mtoto aliyekuwa mpole na akabadilika ndani ya siku chache. Huyo mara nyingi anaumwa sikio, anapata choo kigumu, au anaungua akikojoa. Vikikosekana hivyo, uliza kwa utulivu nani amekuwa akibaki naye na nini kimebadilika nyumbani.

Kwa mwanao, basi, njia ni hii. Wiki hii nenda na kadi yake ya kliniki kituo cha afya kilicho karibu, apimwe uzito, wingi wa damu na, kama ana homa, malaria. Omba barua ya rufaa, na itaje mambo mawili kwa maneno: kuchelewa kuongea, na vipindi vya kubana pumzi. Barua iliyoandikwa "mtoto msumbufu" itakurudisha nyumbani na ushauri wa malezi. Ukiwa Tabata, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo jirani ni Amana. Wa upande mwingine wa jiji huanzia Temeke au Mwananyamala. Kipimo cha masikio cha mtoto mdogo kipo Muhimbili, idara ya masikio, pua na koo. Hakiumi: kifaa kidogo kinawekwa sikioni dakika chache, na kinakwenda vizuri zaidi mtoto akiwa amelala, kwa hiyo mchoshe kabla ya kwenda. Muhimbili ndiko pia kuna madaktari wa afya ya akili ya watoto, na hospitali ya CCBRT Msasani hutoa huduma za utengamao kwa watoto wenye ulemavu. Sera inasema watoto chini ya miaka 5 hawalipii matibabu vituo vya serikali, ila uliza mapema kipi kipo na kipi utaambiwa ununue nje.

Beba daftari, orodha ya maneno na video mbili za simu: moja ya kisirani tangu kinapoanza, nyingine ya dakika mbili akicheza peke yake bila kujua unamrekodi. Hiyo ya pili wazazi huisahau, na ndiyo daktari anayoihitaji zaidi, kwa sababu chumbani kwake mtoto ataganda au atalia tu. Lile dodoso fupi la maswali 20 la kuchuja usonji ni la miezi 16 hadi 30, na wa kwako ameshapita umri huo. Akijazwa hilo tu na kuambiwa hana shida, omba atazamwe kwa kina.

Inawezekana ukaambiwa "atakua, rudi akifika miaka 4". Kwa kisirani peke yake tungekubaliana na jibu hilo. Kwa maneno machache hatukubaliani nalo: omba kipimo cha masikio kiandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo, na upewe tarehe ya kurudi isiyozidi miezi 3.